Kruzi au mguu: namna ya kupima mafuta kwenye tambarare ya Malindi kwenda Minjila

Mwezi wa Julai, nilipokuwa bado mgeni wa gari hili, nilitoka Malindi kwenda Minjila, karibu na Garsen, nikawasha kruzi, ile inayoshika spidi yenyewe, mara tu nilipoyaacha matuta ya Gongoni. Kurudi nikaizima, nikaendesha kwa mguu. Dashibodi iliniambia nimekwenda kwa kilomita 19 na nusu kwa lita, na nimerudi kwa chini kidogo ya 17. Miezi kadhaa nikawa nawaambia madereva wenzangu kwamba kruzi inakuokolea karibu lita moja katika kila lita saba.

Haikuwa kweli. Julai ni kusi. Barabara inayotoka Malindi kwenda Garsen inaelekea upande wa kaskazini, kwa hiyo kwenda nilisukumwa na upepo, na kurudi niliukata kwa kifua. Kilichopimwa siku ile ni upepo, si kruzi. Nilipokuja kupima tena kwa utaratibu, jibu likawa jingine kabisa, na linafaa zaidi kwa mtu anayelipa petroli kutoka mfukoni mwake. Naueleza hapa utaratibu huo hatua kwa hatua, ili uufanye kwa gari lako mwenyewe, kwa sababu namba zangu ni za gari langu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kruzi ni kile kidude cha kwenye usukani chenye maandishi CRUISE, SET, RES na CANCEL. Ukifika spidi unayotaka unabonyeza SET, unaondoa mguu, na gari linajilisha mafuta lenyewe ili spidi ibaki palepale. Mguu ni mguu: unashikilia pedali ya mafuta mwenyewe.

Mafuta yanakwenda wapi kwenye tambarare

Gari likishafika spidi yake kwenye barabara iliyonyooka, kazi iliyobaki ni kushindana na vitu viwili tu. Kimoja ni tairi, zinazobonyea na kujirudi kila zinapozunguka. Kazi hiyo haibadiliki sana uende pole au uende mbio. Cha pili ni hewa, na hapo ndipo penye hesabu. Ukizuiwa na hewa kwa kiasi fulani ukiwa 80, ukifika 100 hauzuiliwi zaidi kwa robo. Unazuiliwa zaidi kwa nusu na ushei, kwa sababu nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wa spidi: 100 ikigawanywa kwa 80 ni 1.25, na 1.25 ikizidishwa kwa yenyewe ni 1.56. Kwa gari dogo la saloon linalokwenda 90, hewa peke yake inachukua zaidi ya nusu ya kazi yote ya injini.

Kutokana na hapo kuna mambo mawili, na madereva wengi huyachanganya.

La kwanza ni spidi kuyumba. Watu husema mguu unakula mafuta kwa sababu spidi inapanda na kushuka. Ni kweli, lakini kwa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani. Ukiwa na wastani wa 90, ukawa unapanda hadi 97 na kushuka hadi 83 taratibu bila kugusa breki, hasara yake ni kama asilimia moja tu. Ulichokitia gari lilipopanda, unakirudishiwa linapoteleza kushuka. Hasara ya kweli inakuja ukigusa breki, kwa sababu breki inageuza mwendo kuwa joto na joto hilo halirudi kwenye tangi. Gari la kilo 1,300 likishuka kutoka 90 hadi 70 kwa breki, petroli iliyopotea ni kama mililita 18, yaani kijiko kikubwa cha mezani na kidogo juu yake. Ukifanya hivyo mara kumi njiani, umemwaga nusu glasi na zaidi.

La pili ni spidi kupanda yenyewe bila wewe kujua. Unaanza na 90 moyoni. Barabara iko wazi, redio inaimba, mazungumzo yamenoga, ukitupa jicho kwenye dashibodi unaona 104. Unapunguza, dakika tano baadaye ni 100 tena. Wastani wako haukuwa 90 hata siku moja. Ulikuwa 96 au 97, na ile mraba ya hewa ndiyo inayokutoza. Kruzi inazuia hilo kabisa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kwenye tambarare, kuliko ule ulaini wa kulisha mafuta ambao wauzaji wa magari wanausifu.

Aliyekibuni chombo hiki, Ralph Teetor, fundi wa Marekani, alikuwa kipofu tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akiwa abiria wa wakili wake, ambaye alikuwa akipunguza mwendo anapozungumza na kuuongeza anaponyamaza. Magari ya Chrysler yalianza kuuzwa na kruzi mwaka 1958. Mtu asiyeona sindano ya spidi ndiye aliyeuhisi mguu wa mwenzake ukiyumba.

Hatua ya kwanza: tayarisha gari usiku, lipime alfajiri

Upepo wa tairi upimwe gari likiwa limelala, kabla jua halijachoma. Tairi iliyokwisha kutembea inasoma juu, na ukiipunguza kwa namba hiyo utakuwa umeilegeza. Kibandiko cha upepo kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na 230 kPa ni kama 33 za kipimo cha petroli stesheni zetu. Magurudumu yote manne yasome sawasawa na kibandiko, na yasibadilishwe tena mpaka jaribio liishe.

Vitu vya juu ya paa vishushwe. Mzigo na watu wawe walewale kwenda na kurudi. Esi iwashwe au izimwe, lakini iwe vilevile safari zote, na vioo vifungwe. Mimi huiwasha na kuiacha namba moja, kwa sababu hakuna anayeendesha kwenda Garsen mchana bila esi, na nataka namba za maisha yangu ya kila siku.

Toka mapema. Kusi huwa halijapata nguvu alfajiri. Kuanzia saa nne asubuhi linaanza kuvuma kwa kujiamini, na ikifika saa nane mchana minazi yote imeinamia upande mmoja. Msimu wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, mambo yanageuka: utaukata upepo kwenda na kusukumwa kurudi.

Hatua ya pili: usiitegemee pampu kwa tofauti ndogo

Njia tuliyofundishwa sote ni ya kujaza tangi: jaza mpaka pampu ijikate, tembea, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Ni njia nzuri kwa safari ndefu. Kwa jaribio hili haitoshi, na nitakuonyesha kwa nini. Pampu inaweza kujikata mapema au kuchelewa kwa nusu lita, kutegemea gari limeinama upande gani na mhudumu ameishika vipi bomba. Ukienda kilomita 200 na kutumia lita 11 au 12, nusu lita ni zaidi ya asilimia 4. Sasa kama tofauti unayoitafuta kati ya kruzi na mguu ni asilimia 1 au 2, utakuwa unapima mkono wa mhudumu.

Tumia pampu kwa kazi nyingine: kujua dashibodi yako inadanganya kwa kiasi gani. Jaza, tembea kilomita 400 au zaidi, jaza tena kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale. Linganisha. Dashibodi yangu husema 18 pale pampu inaposema 17. Si kitu, maana inadanganya vilevile kwa kruzi na kwa mguu, na sisi tunataka tofauti tu. Kama dashibodi yako ni ya Kijapani na husomi maandishi, tafuta mahali palipoandikwa km/L. Hiyo ndiyo namba tunayoitaka, na kitufe cha kuirudisha sifuri huwa ni kukibonyeza na kukishikilia sekunde mbili tatu.

Hatua ya tatu: chagua kipande cha barabara

Barabara ya Malindi kwenda Mombasa haifai. Ina matuta, ina vijiji vilivyoshikana, ina matatu zinazosimama bila taarifa. Ukitumia kruzi pale utakuwa unawasha na kuzima tu. Barabara ya kutoka Minjila kwenda Mokowe ni tambarare kweli, lakini ina vizuizi vya askari, na kila kizuizi kinaharibu hesabu. Mteremko wa daraja la Sabaki na kile kilima cha kutokea ng'ambo visiingie kwenye jaribio kabisa.

Mimi nilichagua kilomita 30 mbele ya Gongoni, baada ya mahali ambapo malori ya chumvi yanaingilia barabarani. Mwanzo niliuweka kwenye karavati lenye ukingo uliovunjika, na mwisho kwenye mti wa mkwaju uliosimama peke yake. Alama iwe kitu kisichohama. Anza kupima gari likiwa tayari liko kwenye spidi, usianzie kwenye kusimama, kwa maana kule kuondoka kunakula sana na hakuna uhusiano na swali letu.

Hatua ya nne: ijue spidi yako ya kweli

Spidomita za magari hutengenezwa ziseme juu kidogo, haziruhusiwi kusema chini. Ya kwangu ikisema 95, simu yenye GPS inasema 90. Nilibandika simu kwenye dashibodi na kuiweka kruzi kwa kufuata simu. Kwa mguu pia nilifuata simu. Kwa nini ni muhimu hivyo? Kwa sababu kilomita 5 za spidi zinabadilisha matumizi kuliko tofauti yote ya kruzi na mguu.

Nilichagua 90. Kama unaendesha matatu au gari la mizigo, sheria yetu inakuwekea mwisho wa 80 na spidi gavana iko palepale kukukumbusha. Basi fanya jaribio kwa 75, ili usiwe unagonga gavana.

Hatua ya tano: mizunguko mitatu, kila mmoja kwenda na kurudi

Hapa ndipo kosa langu la Julai linaporekebishwa. Kila namna ya kuendesha ipate kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile, bila kuchelewa katikati, ili upepo uzisaidie na kuziumiza zote sawasawa. Baada ya hapo unajumlisha lita, si kilomita kwa lita. Nitarudi kwenye hilo.

Nilimchukua ami yangu, ndugu wa baba, aliyeendesha malori miaka mingi kabla hajastaafu. Alikaa kushoto na daftari la shule la mistari mapajani, kalamu sikioni, kazi yake kuandika namba nikimsomea.

"Ami, mimi nasema kruzi itashinda," nikamwambia.

"Mwanangu, itamshinda nani? Mguu uko wa namna mbili. Uko wa mtu anayeendesha, na uko wa mtu anayepelekwa na gari."

Kwa maneno hayo tukapata mizunguko mitatu badala ya miwili. Wa kwanza kwa kruzi. Wa pili kwa mguu ulio macho, bila redio na bila mazungumzo, kazi ni kushika 90 tu. Wa tatu kwa mguu wa kawaida: redio, hadithi, kama siku yoyote nyingine, nia ikiwa 90 lakini bila kuikodolea macho simu. Tuliuanza wa kwanza mara tu baada ya jua kuchomoza.

Haya ndiyo ami aliyoyaandika. Kwa kruzi, kwenda 19.6, kurudi 16.8. Kwa mguu ulio macho, kwenda 19.4, kurudi 16.9. Kwa mguu wa kawaida, kwenda 18.0, kurudi 15.4.

Sasa hesabu. Usichukue 19.6 na 16.8 ukazigawanya katikati, maana upande wa kilomita chache kwa lita ndio unaomeza petroli nyingi na unastahili uzito wake. Gawanya kilomita 30 kwa kila namba upate lita, kisha jumlisha:

```
kruzi:            30/19.6 + 30/16.8 = 1.53 + 1.79 = 3.32 L
mguu ulio macho:  30/19.4 + 30/16.9 = 1.55 + 1.78 = 3.33 L
mguu wa kawaida:  30/18.0 + 30/15.4 = 1.67 + 1.95 = 3.62 L
```

Kruzi na mguu ulio macho ni sare. Ile sehemu moja ya mia ya lita si kitu. Rudia jaribio kesho, na inaweza kuhamia upande wa pili. Lakini mguu wa kawaida umekula asilimia 9 zaidi. Kwa safari ya kwenda Minjila na kurudi Malindi, zaidi ya kilomita 200, hiyo ni lita moja nzima ya petroli.

Ilikwenda wapi? Simu yangu ilikuwa imehifadhi mwendo. Wastani wa mzunguko wa tatu ulikuwa 96, ingawa niliamini nilikuwa kwenye 90. Mara moja nilifika 108 nikilipita lori la chumvi na sikurudi chini upesi. Ukipiga hesabu ya mraba, 96 dhidi ya 90 inaongeza nguvu ya hewa kwa karibu asilimia 14, na hewa ikiwa ni zaidi kidogo ya nusu ya kazi yote, sehemu kubwa ya ile hasara imeshaelezeka. Kinachobaki, kama asilimia mbili, ni kuyumba kwa spidi na ile breki niliyoigusa mara mbili tatu. Na faida niliyoipata kwa kwenda mbio hivyo? Kwa kilomita 100, 96 inakutangulizia dakika 4.

Angalia pia safu ya kwenda na ya kurudi. Tofauti ya 19.6 na 16.8 imetokana na upepo wa alfajiri uliokuwa hautikisi hata bendera vizuri. Ndiyo maana anayepima kruzi kwa kwenda na mguu kwa kurudi ataamini chochote.

Ukiwa huna kruzi: kuufundisha mguu

Magari mengi yanayotoka Japani kwa bei tunazoziweza hayana kruzi, na baada ya jaribio hili sioni sababu ya kulipa fundi akufungie. Mguu ulio macho unatosha. Lakini uangalifu huo unachosha ukiufanya vibaya, kwa hiyo ufanye hivi.

Kisigino kikae sakafuni, kizito, kisiinuke. Unyayo wa mbele uguse pedali kwa ubavu, upande wa kulia, na ukiweza egemeza kiatu kwenye ukuta wa pembeni. Kiatu kiwe na soli nyembamba. Kwenye tundu la barabara soli nene inarukaruka na pedali inaruka nayo. Ukishafika spidi, sahau sindano. Shikilia mguu palepale na uache spidi ielee kilomita tatu juu au chini. Upepo ukikupiga itashuka hadi 87, ukikuachia itarudi 90 yenyewe. Tazama sindano kila baada ya nusu dakika hivi, na ukirekebisha, rekebisha kwa uzito wa kidole gumba tu, kisha subiri ukihesabu hadi kumi.

Anayeifukuza sindano hupotea kwa sababu gari linachelewa kuitikia. Unaona 87, unakanyaga. Gari linakuja kuitikia unapokuwa umekanyaga kupita kiasi, linafika 94. Unaachia sana, linashuka 85. Ni sawa na mwanafunzi aliyekabidhiwa usukani wa jahazi kwa mara ya kwanza kati ya Lamu na Kizingitini: anaufuata omo unavyotikisika, kulia, kushoto, na mkondo nyuma ya chombo unakuwa kama nyoka. Nahodha anachagua alama ya mbali na kuukaza mkono. Kwa barabara pia, macho yawe mbali. Ukiliona lori au kundi la ng'ombe wa Waorma mapema, unaachia mafuta mita 400 kabla na gari linateleza lenyewe, na kile kijiko cha petroli hakimwagwi kwenye breki.

Pale kruzi inapokula badala ya kuokoa

Kitufe cha RES ndicho kinachoniudhi kuliko vyote. Umepunguza hadi 50 kwa ajili ya tuta, umelivuka, unabonyeza RES ili gari lirudi 90. Magari mengi hulichukua hilo kama amri ya haraka: gia inashuka mbili, injini inanguruma, sindano ya mzunguko inaruka kutoka 2,000 hadi juu ya 3,500. Suluhisho ni rahisi. Panda kwa mguu taratibu hadi 85 au 88, ndipo ubonyeze RES. Kruzi itachukua usukani wa mafuta bila kelele.

La pili ni kuwinda gia. Kwenye mwinuko mdogo, au upepo mkali wa mbele, kruzi haitaki kupoteza hata kilomita moja. Inashusha gia, inapata spidi, inapandisha gia, inapoteza spidi, inashusha tena. Utaijua kwa sikio, na utaiona kwenye sindano ya mzunguko: inapanda na kushuka ilhali spidi haisogei. Mguu wa mtu ungeiacha spidi ipungue hadi 84 na kubaki kwenye gia ya juu. Hapo izime, au shusha spidi uliyoiweka kwa kilomita tano na usikilize kama imetulia. Magari ya CVT hayana hatua za gia, lakini utasikia injini ikipaza sauti na kuishusha vilevile.

La tatu ni kwa magari yenye rada, yanayojipunguza yenyewe nyuma ya gari jingine. Nyuma ya lori la chumvi linaloyumba kati ya 70 na 80, gari lako litakuwa linagusa breki na kukanyaga mafuta kila mara. Abiria wa nyuma anaweza kuziona taa zako za breki zikimulika kwenye vioo vya gari linalokufuata. Weka umbali mrefu kuliko yote ambao gari linaruhusu, kwa kawaida ni ile alama yenye mistari mingi, au lipite lori pakiwa salama.

Mvua ikinyesha, izime. Gurudumu likielea juu ya maji, gari halitajua kwamba linatakiwa kuachia. Na popote mifugo inapovuka, mguu uwe juu ya breki, maana muda ule mfupi wa kuurudisha kutoka sakafuni ndio unaohitajika.

Kurudi mchana na kusi usoni

Hapa ndipo natumia kruzi kuliko popote, na si kwa sababu ya kushika spidi ya juu. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiwa mbele yako, gari linalokwenda 90 linapokea hewa ya 110. Mraba wake unakuambia hewa imeongeza kazi yake kwa karibu nusu. Mguu hauoni hayo. Unaona gari limekuwa zito na unazidisha kukanyaga. Kwa hiyo nikitoka Minjila saa nane mchana mwezi wa Julai, nikiona nyasi za kandokando zimelala kunielekea, naiweka kruzi kwenye 80. Hewa inakuwa ya 100, si 110, na gari linaacha kuwinda gia.

Ami alilala kabla hatujafika karavatini. Nilifika Gongoni dakika kama saba baada ya wakati ambao ningefika kwa 90, namba kwenye dashibodi ikisoma 16.6, karibu sawa na tuliyorudi nayo alfajiri wakati upepo ulikuwa haujaamka.